Pampu, joki na upimaji wa presha katika mabomba ya zimamoto ya majengo marefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanafuata kanuni namba 14, 20 na 25 za NFPA, shirika la Marekani la kinga ya moto, ambazo nchi nyingi huzitumia moja kwa moja au huzichukua kama msingi wa kanuni zao. Mamlaka ya zimamoto ya mahali ulipo ikidai zaidi, fuata inachodai. Ili hesabu zisielee hewani, nimetumia jengo moja la mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho: lina mabomba mawili ya wima, pampu iko chini kabisa, na kila bomba lina vali 20 za hozi. Vali ya kwanza iko mita 1.5 juu ya pampu na ya mwisho iko mita 68.

Kwa nini bomba la wima linahitaji pampu yake? Gari la zimamoto si lina pampu?

Gari lina pampu, na jengo lazima liwe na mdomo wa nje wa kuunganishia hozi za gari. Lakini gari hufika baadaye. Wanaotangulia kupanda ngazi hubeba hozi, huifunga kwenye vali ya ghorofa iliyo chini ya moto, na maji wanayoyakuta hapo ndiyo watakayoanza nayo. Katika mfumo wenye maji muda wote, maji hayo yanatoka kwenye tangi la jengo na yanasukumwa na pampu ya jengo. Majibu yote yaliyo hapa chini yanahusu mfumo wa aina hiyo. Mfumo mkavu, unaosubiri gari lije kuujaza, ni habari nyingine.

Presha ya pampu inapatikanaje?

Anzia juu, ushuke. NFPA 14 inataka vali ya hozi ya juu kabisa, ya milimita 65, ibaki na bar 6.9 wakati maji yanatoka. Zingatia maneno hayo ya mwisho. Geji inayosoma bar 6.9 huku vali imefungwa haijathibitisha lolote, kwa sababu upotevu wa presha ndani ya bomba huanza maji yanapotembea.

Bomba la kwanza huhesabiwa lita 1,893 kwa dakika, na kila bomba linaloongezeka lita 946. Jengo letu lina mabomba mawili, kwa hiyo jumla ni lita 2,839 kwa dakika.

Sasa jumlisha presha. Juu tunahitaji bar 6.9. Kupandisha maji mita 68 kunakula bar 6.7, maana kila mita 10.2 ya kimo ni bar 1. Msuguano kwenye mabomba, kona na vali, kwa mtiririko huo, tuseme mhandisi ameukokotoa akapata bar 1.4. Jumla ni bar 15.0 pale maji yanapotoka kwenye pampu. Tangi likiwa juu kidogo ya pampu, maji yake yenyewe yanaingia na bar 0.5. Tukichagua pampu iliyoandikwa lita 2,839 kwa dakika kwa bar 15, tutapata bar 15.5 upande wa kutoa na kubaki na ziada ya bar 0.5. Ni ziada ndogo, na utaona baadaye inavyoliwa haraka.

Nichague pampu ya aina gani?

Karibu zote ni za impela, zile zinazotupa maji kwa nguvu ya mzunguko. Sababu ni kwamba hozi zinapofungwa ghafla, presha ya pampu ya impela hupanda hadi kikomo kinachojulikana na kuishia hapo. Pampu ya pistoni au ya meno haina kikomo cha namna hiyo. Itaendelea kusukuma mpaka kitu kipasuke au vali ya usalama ifunguke.

Kati ya pampu za impela, kinachoamua zaidi ni tangi liko wapi. Tangi likiwa usawa wa pampu au juu yake, utatumia pampu ya kulala. Ile ambayo ganda lake limegawanywa katikati kwa ulalo inapendwa kwa mtiririko mkubwa, kwa kuwa fundi hufungua nusu ya juu na kufikia shafti, beringi na impela bila kugusa mabomba. Pampu ndogo ya kuvuta kwa mbele inatosha kwa mtiririko wa chini. Ile ya wima inayokaa ndani ya mstari wa bomba inaokoa nafasi pale chumba kinapobana.

Tangi likiwa chini ya sakafu ya chumba cha pampu, usikubali pampu ya kulala inayofyonza maji kutoka chini, hata ikiwa na vali ya mguu, ile inayozuia maji yasirudi tangini kupitia bomba la kufyonza. NFPA 20 hairuhusu. Vali ya mguu ikivuja usiku kucha, pampu itawaka asubuhi ikiwa na hewa tupu tumboni na haitatoa tone. Hapo panahitajika pampu ya tabaini ya wima, ambayo impela zake zimezama ndani ya maji muda wote.

Umeme au dizeli?

Mota ya umeme ni rahisi kutunza, ila inategemea umeme ambao moto wenyewe unaweza kuukata. Kama chanzo cha umeme hakiaminiki, weka dizeli, au weka mota yenye jenereta iliyokusudiwa kuibeba pampu hiyo tangu inapoanza kuzunguka. Dizeli inakuja na mambo yake: betri mbili, mafuta yanayochakaa tangini, na joto la injini linalohitaji hewa ya kutosha chumbani.

Pampu ya joki ni ya nini hasa?

Ni pampu ndogo ya kushika presha. Mfumo wowote una tone linalopotea mahali fulani: pakingi ya vali, kiungo kilicholegea, vali ya njia moja isiyokaa sawasawa. Joki inarudisha tone hilo ili pampu kubwa isiwake kila mara kwa sababu ya kitu kidogo. Haizimi moto na haihesabiwi kwenye lita za mfumo. Mtu akifungua hozi, joki inatakiwa ishindwe, presha ishuke, na pampu kubwa iwake.

Ndiyo maana joki kubwa kupita kiasi ni hatari, ingawa wenye majengo wengi hudhani wamejiongezea usalama. Kanuni ya ukubwa ni kwamba joki iweze kurudisha uvujaji unaoruhusiwa ndani ya dakika 10, na isipungue lita 3.8 kwa dakika. Ikiwa na uwezo wa kulisha hozi iliyofunguliwa nusu, itashika presha juu na swichi ya pampu kubwa haitaona lolote. Mwenye hozi atabaki na mkondo dhaifu huku pampu kubwa imelala chini.

Joki ipangwe kuwaka na kuzima kwenye presha gani?

Hesabu huanzia kwenye pampu kubwa. Chukua presha yake ya mfungo, yaani presha inayotoa ikizunguka huku vali zote zimefungwa, ujumlishe presha ndogo kabisa inayoingia kutoka tangini. Katika jengo letu, cheti cha kiwandani kinaonyesha presha ya mfungo ni bar 17.5. Ukiongeza bar 0.5 ya tangi unapata bar 18.0, na hapo ndipo joki inapozima.

Joki iwake angalau bar 0.7 chini ya hapo, yaani bar 17.3. Pampu kubwa iwake bar 0.34 chini ya joki, yaani karibu bar 17.0. Ikiwepo pampu kubwa ya pili, iwake bar 0.7 chini ya ile ya kwanza, ili zisianze pamoja.

Kwa nini joki ifike mpaka presha ya mfungo? Ukiiacha izime kwenye bar 12, siku pampu kubwa ikiwaka bila maji kutoka itaruka kutoka chini ya 12 hadi 18 kwa muda mfupi sana. Pigo hilo ndilo linalotikisa mabomba kwenye vishikio na kulegeza viungo. Mfumo ukiwa tayari uko karibu na 18, pampu inawaka na mshale wa geji unasogea kidogo tu.

Hakikisha pia joki yenyewe inaweza kufika. Joki yenye uwezo wa mwisho wa bar 17.8 ikipangiwa kuzima bar 18.0 haitazima kamwe. Itazunguka mchana na usiku ikichemsha maji yaleyale ndani ya ganda lake, mpaka sili iungue.

Joki yetu inawaka kila baada ya dakika chache. Je, tuna uvujaji mkubwa?

Si lazima, na hapa watu wengi hushtuka bure au hutulia bure. Maji karibu hayabanwi. Mfumo wenye lita 3,000 za maji, usio na hewa ndani, unahitaji kupoteza kama mililita 130 tu ili presha ishuke bar 0.7. Hiyo haijazi glasi ya kawaida. Tone linalotoka mililita 1 kwa sekunde litaiwasha joki kila baada ya dakika mbili hivi. Kinyume chake, mfumo wenye hewa nyingi iliyonaswa juu unaweza kuvuja zaidi ya hapo na joki ikawaka mara chache, kwa sababu hewa inatanuka na kuficha upotevu. Kwa hiyo idadi ya kuwaka peke yake haisemi uvujaji ni mkubwa kiasi gani. Inasema kuna njia ya maji kutoka, na inabidi itafutwe.

Utafutaji una mpangilio wake. Kwanza wajulishe wasimamizi wa jengo na zimamoto kwamba mfumo utakuwa pungufu kwa muda, na weka mtu wa kuzunguka jengo akiangalia. Kisha fuata hatua hizi.

Weka paneli ya pampu kubwa kwenye hali ya kuzima, kisha zima joki ikiwa imefika bar 18. Funga vali kuu inayotenganisha chumba cha pampu na mabomba ya wima. Sasa una geji mbili za kutazama, moja upande wa chumba na nyingine upande wa mabomba. Ikishuka ya mabomba, uvujaji uko juu: panda ghorofa kwa ghorofa ukishika kila mdomo wa vali ya hozi kwa kidole kikavu, na usisahau bomba la kutolea maji chini ya kila bomba la wima.

Ikishuka ya chumba, watuhumiwa ni wachache: vali za usalama, vali za kichwa cha kupimia, na vali za njia moja. Vali ya njia moja ya pampu kubwa inasahaulika kuliko zote, kwani maji yake hayaonekani. Yanarudi kimya kupitia pampu hadi tangini. Kuibaini, funga vali ya kutoa ya pampu kubwa iliyo mbele ya ile ya njia moja. Kipande kifupi cha bomba kati ya vali hizo mbili kimebaki kimefungiwa, na mrija wa presha wa paneli umeunganishwa hapo hapo. Kama ya njia moja inavuja, geji ya paneli itadondoka mbele ya macho yako ndani ya sekunde chache, wakati geji ya mfumo imetulia. Ndiyo sababu paneli ilizimwa kwanza: ungeiacha tayari, mdondoko huo ungeiwasha pampu kubwa dhidi ya vali iliyofungwa.

Mara nyingi ukilifungua ganda la vali hiyo ya njia moja utakuta kipande cha kutu, uzi wa katani au chembe ya kulehemu kimekaa kwenye kiti cha mpira. Safisha, badilisha mpira kama una alama, rudisha, kisha fungua vali zote, zifunge mnyororo zikiwa wazi, na rudisha paneli zote mbili kwenye hali ya kujiendesha. Rudi uangalie tena kwa macho yako. Paneli iliyoachwa imezimwa baada ya matengenezo ni kosa baya kuliko uvujaji uliokuja kuutafuta.

Mrija mdogo unaoingia kwenye paneli una umuhimu gani?

Ndio unaoiambia paneli presha ni kiasi gani. Kila pampu, pamoja na joki, iwe na mrija wake wa milimita 15, uanzie kati ya vali ya njia moja ya pampu hiyo na vali yake ya kutoa. Njiani kunawekwa vali ndogo mbili za njia moja, zikiachana angalau mita 1.5, na kila moja ina tundu la milimita 2.4 kwenye kizibo chake. Matundu hayo yanazima mitikisiko ya maji, ili swichi isiruke kuwaka na kuzima kwa kila pigo.

Ukikuta pampu kubwa inawaka bila sababu kila joki inapoanza, tazama hapo kabla ya kubadilisha namba za presha. Pengine mrija wa pampu mbili umeunganishwa kuwa mmoja, au matundu yametolewa. Ukikuta kinyume chake, hozi iko wazi na pampu inachelewa kuwaka, huenda tundu limezibwa na kutu.

Kwa nini pampu kubwa haizimi yenyewe presha ikirudi?

Kwa sababu presha kurudi si ushahidi kwamba moto umezimika. Huenda mwenye hozi amefunga kwa muda akisogea. Njia ya kawaida ni mtu kushuka na kuizima kwa mkono baada ya kuthibitisha. Kanuni zikiruhusu kuzima kwa kipima muda, mota ya umeme iendeshwe angalau dakika 10 na dizeli dakika 30.

Ghorofa za chini zitapata presha kubwa mno. Tufanyeje?

NFPA 14 inataka vali ya kudhibiti presha popote ambapo presha tuli kwenye vali ya hozi inazidi bar 12.1. Katika jengo letu joki inashika bar 18.0 chini. Ili presha ishuke hadi 12.1 inabidi upande mita 60 hivi. Vali zilizo mita 61, 64.5 na 68 zinasalimika. Nyingine zote 17 zinahitaji kudhibitiwa. Wengi hushangaa, kwani hudhani ni ghorofa mbili tatu za chini tu.

Vali hizi zinaweza kuua zikipangwa vibaya. Tarehe 23 Februari 1991 moto ulianza ghorofa ya 22 ya One Meridian Plaza, jengo la ghorofa 38 huko Philadelphia. Vali za kupunguza presha zilikuwa zimepangwa chini mno, na wazimamoto walipofungua hozi walipata mkondo usioweza kufika popote. Watatu walifariki. Moto ulipanda hadi ghorofa ya 30, ambako vinyunyizio vya maji vya dari ndivyo vilivyouzuia. Wakati huo kiwango cha presha kwenye vali ya hozi ya juu kabisa kilikuwa bar 4.5. Toleo la NFPA 14 la mwaka 1993 lilikipandisha hadi bar 6.9.

Kwa hiyo usiridhike na kibandiko cha kiwandani. Kila vali ina namba ya ghorofa iliyotengenezewa, na fundi akizichanganya wakati wa kufunga, kwa macho zinafanana kabisa. Zipimwe maji yakitoka kwa mtiririko kamili, siku ya kukabidhi jengo na kila baada ya miaka 5. Hiyo inahitaji bomba la kutolea maji lenye ukubwa wa kutosha kando ya mabomba ya wima, na likisahaulika kwenye ramani ni vigumu sana kuliongeza baadaye.

Mabomba yenyewe yanapimwa presha vipi kabla ya kukabidhiwa?

Kiwango cha chini ni bar 13.8 kwa saa 2. Lakini presha kubwa ya mfumo ikizidi bar 10.3, jaribio liwe bar 3.5 juu ya presha hiyo. Yetu ni bar 18.0, kwa hiyo tunapima kwa bar 21.5. Kabla ya hapo angalia vifaa: flanji za PN16, zilizotengenezewa bar 16, hazifai chini ya jengo hili hata kwa kazi ya kila siku, achilia mbali jaribio.

Geji ya jaribio ikae sehemu ya chini kabisa. Mtu akiiweka kwenye paa na kupandisha hadi isome 21.5, chini atakuwa amefika bar 28.2, na kitakachopasuka kitakuwa karibu na pampu na mota. Geji iliyo chini ikisoma 21.5, ya juu itasoma karibu 14.8, na hiyo ni sahihi. Geji mbili zikikupa tofauti nyingine mbali na bar 6.7, mojawapo ni mbovu au kuna vali imefungwa katikati.

Jaza polepole kutoka chini huku vali ya juu ikiwa wazi, mpaka maji yatoke bila kutapika hewa. Acha yatulie. Tenga pampu, geji za kudumu, swichi na vali za kupunguza presha zisizohimili kiwango hicho. Pandisha kwa pampu ya mkono au pampu ndogo ya majaribio kwa hatua, na kila hatua mtu atembee akikagua kabla ya kuendelea. Kipande cha bomba kutoka mdomo wa nje wa gari hadi kwenye vali yake ya njia moja nacho kipimwe kwa presha ileile. Mara nyingi kinarukwa, kwa sababu vali ya njia moja inazuia presha ya jaribio isifike huko.

Kila kizibo cha muda kiwe na namba, kiwe na sikio linalotokeza nje ya flanji, na kiandikwe kwenye orodha. Jaribio likiisha, vihesabiwe vyote. Kizibo kilichosahaulika ndani ya flanji kinalifanya bomba zima la wima kuwa pambo.

Geji imeshuka wakati wa jaribio lakini hatuoni tone popote. Tumefeli?

Tafuta sababu kabla ya kusaini chochote. Mfumo uliojaa maji bila hewa unahisi joto kupita kiasi: maji yakipoa nyuzi 1 tu, presha inaweza kushuka bar 2 hadi 3. Jaribio lililoanza mchana wa jua na kuishia jioni litashuka hata kama kila kiungo ni kikavu. Vilevile, jaribio la asubuhi linaweza kupanda na kuficha uvujaji halisi. Rekodi joto la bomba, si la hewa tu, mwanzoni na mwishoni, na pendelea muda ambao joto halibadiliki sana.

Kama joto halikubadilika, basi maji yanatoka mahali. Sehemu za kutazama kwanza ni vali zilizotumika kama mpaka wa jaribio, ambazo hupitisha maji kwenda upande wa pili bila kuonekana, na mabomba yaliyofunikwa ukutani kabla ya kupimwa. Hayo ya pili yafunuliwe. Bomba halifunikwi kabla ya jaribio.

Naweza kupima kwa hewa badala ya maji?

Si kwa presha hizi. Hewa iliyobanwa hutunza nishati nyingi, na kiungo kikiachia hurusha vipande kama risasi. Maji yakiachia, presha inakufa papo hapo.

Pampu inawashwa kila wiki na inawaka vizuri. Kwa nini tena jaribio la mwaka?

Kuwasha kwa ratiba, dakika 30 kwa dizeli na dakika 10 kwa umeme, kunathibitisha kwamba inawaka, kwamba iliwaka kwenye presha iliyopangwa, kwamba pakingi inadondosha matone na kwamba vali ya kupoza ganda inatoa maji. Hakuthibitishi kwamba inaweza kutoa lita zake. Pampu yenye impela iliyolika inaweza kutoa presha ya mfungo inayokaribia ya zamani, kisha ikaanguka maji yanapotembea.

Jaribio la mwaka lina pointi tatu: vali zimefungwa, asilimia 100 na asilimia 150 ya mtiririko. Kwa pampu yetu mpya, presha ya mfungo isizidi asilimia 140 ya bar 15, yaani bar 21. Kwa lita 4,259 kwa dakika isipungue asilimia 65, yaani bar 9.75. Kila mara toa presha ya kuingia kutoka kwenye presha ya kutoka. Hiyo ndiyo kazi ya pampu yenyewe.

Tuseme mwaka huu, kwa lita 2,839 kwa dakika, upande wa kutoa unasoma bar 14.3 na wa kuvuta 0.4. Pampu imefanya kazi ya bar 13.9. Asilimia 95 ya 15 ni bar 14.25, kwa hiyo imeshuka chini ya kiwango ambacho NFPA 25 inataka uchunguzi uanze. Sasa tazama kasi. Kibao cha injini kinasema mizunguko 2,100 kwa dakika, kipimo kinasema 2,060. Presha hufuata mraba wa kasi:

```
13.9 × (2100 / 2060)² = 14.4 bar
```

Kwa kasi sahihi pampu ingekuwa juu ya 14.25, kwa hiyo sehemu kubwa ya tatizo ni injini: anza na chujio la mafuta lililoziba na mpangilio wa gavana kabla ya kuagiza impela. Lakini hesabu hiyo ni ya kutafuta chanzo tu, haipandishi maji. Siku hiyo, kwa kasi ile ile, jengo linahitaji bar 15.0 upande wa kutoa na linapata 14.3. Vali ya juu kabisa ina bar 6.2 badala ya 6.9, na ripoti iandikwe kwamba mfumo umefeli mpaka injini irekebishwe na pointi zote tatu zirudiwe.

Na juu ya paa tunapima nini?

Kila baada ya miaka 5 fungua vali ya mbali zaidi kihesabu, kwa kawaida ile ya juu kabisa, utoe mtiririko wa mfumo huku geji ikiwa kwenye mdomo wa vali hiyo. Weka mtu juu mwenye redio na mwingine chumba cha pampu, na wote wawili waandike namba kwa wakati mmoja. Tofauti kati ya geji hizo mbili, ukitoa bar 6.7 za kimo, ndiyo msuguano halisi wa bomba lako. Mhandisi wetu alikokotoa bar 1.4. Ikitoka 2.0 au zaidi, kabla ya kulaumu pampu pita kwenye kila vali kati ya chumba na paa ukihesabu mizunguko ya usukani. Iliyofunguliwa nusu utaikuta huko.